Ingefutwa au imefutwa: kuijaribu kazi ya usiku kabla ya kuikabidhi funguo

Katika nyumba kadhaa za wageni za Mji wa Kale wa Lamu na za Shela, daftari la nafasi limehamia kwenye kompyuta, na pamoja na daftari zimehamia kazi ndogo ndogo ambazo zamani karani alizifanya kwa kalamu nyekundu. Mojawapo ni kufuta nafasi zilizowekwa bila arubuni. Mgeni akiomba chumba na asilipe chochote kwa muda wa saa 48, chumba hurudishwa sokoni, na mgeni hutumiwa meseji ya kumjulisha. Kazi hii hufanywa na programu inayoamshwa na ratiba ya kompyuta saa tisa usiku, wakati hakuna mtu macho isipokuwa mlinzi na punda.

Makala haya yanafafanua namna ya kuiendesha kazi ya aina hiyo katika mwendo wa majaribio, yaani kuiacha ifanye kila kitu ambacho ingefanya, isipokuwa kile kitendo cha mwisho cha kubadilisha. Maelezo yanafuata kazi moja niliyoiandika na kuisimamia mwenyewe, kwa sababu ugumu wa jambo hili hauonekani katika maana yake. Maana yake mtu yeyote anaielewa kwa sentensi moja. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba jaribio linasema kweli.

Lugha yetu ina bahati hapa, kwani tofauti nzima imebebwa na silabi moja. Kumbukumbu ya kazi halisi husema "imefutwa", na ripoti ya jaribio husema "ingefutwa". Nimeona programu ambazo huandika "imefutwa" katika hali zote mbili, kwa kuwa mwandishi wake aliona uvivu wa kubadilisha maneno, na karani aliyeisoma ripoti asubuhi akaanza kuwapigia wageni simu kuwaomba radhi kwa jambo ambalo halikuwa limetokea. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote jingine, ripoti ya jaribio itumie -nge- katika kila mstari, si katika kichwa cha habari peke yake.

Programu yenyewe ilichagua nafasi za kufuta kwa swali hili, kutoka katika hifadhidata ya SQLite:

```
SELECT id, mgeni, iliwekwa FROM nafasi
WHERE hali = 'wazi' AND malipo = 0
AND iliwekwa < datetime('now', 'localtime', '-48 hours');
```

Msomaji asiyejua lugha ya hifadhidata anaweza kulisoma hivi: nipe nafasi ambazo bado ziko wazi, ambazo hazijalipiwa chochote, na ambazo ziliwekwa zaidi ya saa 48 zilizopita. Linasomeka vizuri, na ndiyo maana ni hatari. Lina makosa mawili, na hakuna hata moja ambalo ningeligundua kwa kulitazama.

Kabla ya kuyafikia hayo mawili, kuna kosa jingine ambalo watu hufanya wanapotaka kujaribu kazi kama hii, nalo ni kuandika swali la pili, la kuhesabu tu, na kuliendesha kwa mkono. Swali hilo la pili huandikwa siku moja, na swali la kazi halisi hurekebishwa siku nyingine, na baada ya miezi miwili yale mawili ni ndugu wasiosemezana. Jaribio linakuwa jaribio la programu nyingine. Njia iliyo salama ni kuwa na njia moja tu, ambayo jaribio na kazi halisi hupita pamoja hadi mlango wa mwisho, na hapo ndipo waachane:

```
for n in chagua(db, sasa):
    andika_ripoti(n, tekeleza)
    if tekeleza:
        futa(db, n)
        tuma_meseji(n)
```

Hapa uchaguzi ni uleule na ripoti ni ileile, na neno `tekeleza` ndilo mlinzi wa mlango. Kadiri mlango unavyowekwa karibu na kitendo, ndivyo jaribio linavyopitia sehemu kubwa zaidi ya kazi. Ukiuweka mwanzoni kabisa mwa programu, jaribio litakuambia tu kwamba programu inaweza kuwaka.

Hata hivyo, sharti moja lililoandikwa katika msimbo ni ulinzi mwembamba. Mtu anaweza kesho kuongeza mstari wa kubadilisha data juu ya sharti hilo bila kukusudia. Kwa SQLite kuna kufuli imara zaidi, nayo ni kuifungua hifadhidata kwa ruhusa ya kusoma tu wakati wa jaribio:

```
sqlite3.connect("file:/opt/wageni/wageni.db?mode=ro", uri=True)
```

Baada ya hapo, mstari wowote unaothubutu kuandika utaanguka kwa kosa la `attempt to write a readonly database`. Kosa hilo ni habari njema, kwa kuwa linakuonyesha mahali hasa ambapo programu yako ingegusa kitu bila wewe kujua.

Nililiendesha jaribio kwa mkono mchana mmoja, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, na likapita bila tatizo. Usiku likaanguka. Sababu ilikuwa kwamba katika toleo lile la kwanza nilikuwa nimeandika jina la faili bila njia yake kamili, yaani `wageni.db` peke yake. Mimi nilipoiendesha programu nilikuwa ndani ya folda yake. `cron`, ile ratiba ya kompyuta inayoziamsha kazi, inapoiendesha huanzia katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, ambako faili hilo halipo. Bila ruhusa ya kusoma tu, SQLite ingeunda hifadhidata mpya isiyo na kitu na kuifungua kwa furaha, kisha ingelalamika kwamba jedwali halipo. Kwa kuwa nilikuwa nimeizuia, ilikataa mara moja. Zaidi ya folda, `cron` huipa kazi mazingira machache sana: orodha fupi ya mahali pa kutafutia amri, na ganda la `/bin/sh` badala ya lile ulilolizoea. Jaribio lililofanywa kwa mkono haliyaoni hayo yote, na kwa hiyo jaribio lenyewe linapaswa kuwekwa katika ratiba, liamshwe na mwamshaji yuleyule, saa ileile.

Saa nayo ina jambo lake kwetu. Mwenye nyumba aliniambia kazi ifanyike saa tisa usiku, na mstari sahihi ni huu:

```
0 3 * * * /usr/bin/python3 /opt/wageni/safisha.py
```

Saa tisa ya Kiswahili ni 3 katika ratiba ya kompyuta. Nimekuta mahali ambapo kijana aliandika 9 kwa kufuata aliyoyasikia, na kazi ikawa inaamka saa tatu asubuhi, wakati karani yuko mezani anapokea malipo ya wageni. Jaribio la mkononi haliwezi kulifichua kosa hilo, lakini jaribio la ratiba hulifichua siku ya kwanza, mradi kila ripoti ianze na saa iliyoandikiwa. Aidha, ikiwa kazi iko kwenye seva ya kukodi badala ya kompyuta ya ofisini, mara nyingi saa ya seva hiyo ni ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, na mstari huo huo ungeamka saa kumi na mbili alfajiri hapa Lamu.

Ripoti ya kwanza iliyokamilika ilitoka usiku wa kuamkia Ijumaa. Kabla ya kuifungua nilimwomba karani anihesabie kwa daftari lake ni nafasi ngapi zilistahili kufutwa. Alisema nne. Ripoti ilisema kumi na moja. Ninasisitiza utaratibu huu wa kuandika idadi unayoitarajia kabla ya kutazama, kwa sababu mtu akishaiona idadi ya kompyuta huanza kutafuta sababu za kuikubali. Kumi na moja si idadi ya ajabu kwa nyumba zenye vyumba vingi, na kama nisingekuwa na ile nne mkononi, ningeipitisha.

Mistari yake ilikuwa ya namna hii:

```
#418  malipo=0  umri 71:05  INGEFUTWA
#422  malipo=0  umri 45:20  INGEFUTWA
```

Nafasi namba 418 ilikuwa na umri wa saa 71, na hiyo haina ubishi. Lakini 422 ilikuwa na saa 45 na dakika 20 tu, na zilikuwapo mbili nyingine za namna hiyo, moja ya saa 46 na dakika 10 na nyingine ya saa 47 na dakika 35. Zote tatu ziliwekwa kwa mtandao alfajiri ya Jumatano na wageni walioko Amerika, ambako ilikuwa bado jioni ya Jumanne. Hazikuwa zimefikisha saa 48, na bado zilikuwa katika orodha ya kufutwa.

Chanzo ni kwamba safu ya `iliwekwa` ilijazwa na `CURRENT_TIMESTAMP`, ambayo katika SQLite hutoa saa za UTC. Swali langu, kwa upande wake, liliongeza neno `localtime`, na hivyo likageuza wakati wa sasa kuwa saa za hapa. Nafasi iliyowekwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ya Jumatano iliandikwa katika jedwali kama 02:40. Kikomo, kilichohesabiwa kwa saa za Lamu, kilikuwa 03:00 ya Jumatano. Kwa macho ya kompyuta 02:40 imetangulia 03:00, na mgeni akahesabiwa amechelewa. Kila mgeni alikuwa akipunjwa saa tatu, bila kosa lolote kutokea kwenye skrini. Dawa ilikuwa kuondoa neno `localtime`, ili pande zote mbili ziongee kwa UTC.

Kuna hila moja ndani ya jambo hili ambayo ningependa isipite haraka. Umri ulioandikwa katika ripoti sikuuhesabu kwa fomula ya swali, bali upande wa programu, kwa kutaja waziwazi kwamba wakati uliohifadhiwa ni wa UTC. Lau ningetumia fomula ileile, ripoti ingeonyesha umri wa saa 48 na dakika 20, na kosa lingejitolea ushahidi lenyewe. Ripoti ya jaribio inayochota sababu zake kutoka katika hesabu ileile inayokaguliwa haikagui kitu. Inafaa iwe na angalau kipimo kimoja kilichopatikana kwa njia nyingine, na ikiwezekana kiwe kipimo ambacho karani anaweza kukilinganisha na kumbukumbu yake mwenyewe.

Ukiondoa hizo tatu na zile nne za karani, nne zilizobaki zilikuwa na umri wa kutosha na malipo yao yalikuwa sifuri kweli. Kwa upande wa kompyuta hazikuwa na kasoro. Nilimpelekea mwenye nyumba orodha, akavaa miwani, akaipitia kwa kidole.

"Mwanangu, hawa wane ni wa wakala," akasema. "Wakala hulipa mwisho wa mwezi. Ukiwafuta hawa, hatatuletea mtu tena."

"Sikujua, mzee. Katika kompyuta hakuna mahali palipoandikwa."

"Hapajaandikwa kwa sababu sote twajua."

Hilo ndilo kosa la pili, na hakuna fundi ambaye angelipata peke yake, kwa kuwa halikuwa ndani ya msimbo. Desturi ya biashara ilikuwa kichwani mwa watu, na jaribio likaileta mezani kwa sababu lilitaja majina. Ripoti iliyotoa idadi pekee, "nafasi 11 zingefutwa", isingemwonyesha mzee chochote cha kukishika. Kwa hiyo ripoti ya jaribio iandikwe kwa ajili ya mtu anayejua biashara: jina la mgeni, chumba, siku ya kufika, na sababu iliyofanya achaguliwe. Tuliongeza safu ya `njia`, ili nafasi za wakala ziweze kutambulika na kuachwa.

Baada ya marekebisho hayo mawili ripoti ilitoa nne, sawa na daftari. Lakini bado kulikuwa na sehemu moja ambamo jaribio lilidanganya kwa unyoofu kabisa. Kazi ya usiku ilikuwa na hatua ya pili: vyumba vilivyofunguka huonyeshwa kwa wageni walio katika orodha ya kusubiri, ambao hutumiwa meseji. Ripoti ilisema kwamba hatua hiyo ingetuma meseji sifuri. Bila shaka sifuri. Katika jaribio hakuna chumba kilichofunguliwa, kwa hiyo hatua ya pili haikukuta kitu cha kufanyia kazi. Kila kazi yenye hatua zinazotegemeana ina upofu huu, na kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu ndivyo jaribio la namna hii linavyoona kidogo.

Zipo njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kuanzisha muamala kwa `BEGIN`, kufanya mabadiliko yote kweli, kuandika ripoti, kisha kuyarudisha nyuma kwa `ROLLBACK`. Hatua ya pili huona matokeo ya hatua ya kwanza, na mwisho data hurudi ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Muamala ukikaa wazi mchana, karani anayejaribu kuingiza malipo ataona `database is locked`, na jaribio ambalo halikutakiwa kugusa chochote litakuwa limeisimamisha ofisi. Tena muamala hauwezi kuirudisha meseji. Iliyokwisha kwenda imekwenda.

Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyoichagua, ni kunakili hifadhidata na kuiendesha kazi nzima juu ya nakala, huku kipande cha kutuma meseji kikielekezwa kuandika katika faili badala ya kuita kampuni ya simu:

```
sqlite3 /opt/wageni/wageni.db ".backup /tmp/nakala.db"
```

Amri ya `.backup` hutumika badala ya `cp`, kwa sababu `cp` inaweza kulinakili faili katikati ya maandishi na kukupa nakala iliyovunjika. Ripoti ya safari hii ilionyesha kwamba meseji tatu zingetumwa kwa waliosubiri, zikiwa na maneno yake kamili. Katika moja, jina la chumba lilikuwa tupu. Kosa dogo, lakini lingemfikia mgeni.

Vitu vinavyoguswa na jaribio bila kukusudiwa si hifadhidata na meseji peke yake. Kazi nyingi huweka alama ya mara ya mwisho zilipofanywa, na jaribio likiisogeza alama hiyo, kazi halisi itakuja ione kwamba kila kitu kimekwisha kushughulikiwa na irudi kulala. Programu ya `logrotate`, ambayo huzungusha kumbukumbu za kompyuta, imelizingatia hili: ukiiendesha kwa `-d`, haigusi kumbukumbu na wala haigusi faili lake la hali. Kwa upande mwingine `certbot`, inayohuisha vyeti vya tovuti, ikiendeshwa kwa `renew --dry-run` haihifadhi cheti kipya, lakini inaweza kubadilisha kwa muda mipangilio ya seva ya tovuti na kuipakia upya, kisha kuirudisha. Jina la jaribio ni lile lile, na ahadi iliyo nyuma yake si ileile. Kabla ya kulitegemea chaguo la jaribio la programu usiyoiandika wewe, soma inaahidi nini hasa.

Kati ya jaribio na kazi halisi kuna muda, na watu hawasimami. Mgeni aliyetajwa katika ripoti ya jioni anaweza kulipa kwa simu saa mbili usiku. Kwa sababu hiyo kazi halisi isipewe orodha ya jaribio kama amri ya kutekeleza. Ichague upya, na hata katika kufuta irudie sharti la `malipo = 0` kwa kila nafasi. Wakati nao uliondolewa ndani ya swali na kupewa programu kutoka nje, kama kile kigezo `sasa` kilichoonekana juu, na hivyo jioni tunaweza kuuliza: ikiwa ni saa tisa usiku wa leo, nani angefutwa? Niliongeza pia kikomo: zikichaguliwa zaidi ya nane, kazi husimama bila kufuta hata moja na kuacha ripoti. Nane ni makadirio yangu kwa nyumba hizi, na wakati wa Maulidi, mji unapojaa wageni, tumekubaliana kwamba karani ataipandisha kwa mkono.

Swali la mwisho ni hali ipi iwe ya kawaida. Mimi huifanya programu ijaribu tu, mpaka iambiwe waziwazi `--tekeleza`. Mtu akiiendesha kwa kubahatisha, haharibu. Gharama yake ni kwamba neno hilo likisahaulika katika ratiba, kazi itajaribu kila usiku bila kutenda, vyumba vitabaki vimefungwa, na hakuna atakayepata onyo lolote. Dalili yake ni rahisi kuiona ukijua pa kutazama: namba ileile ya nafasi ikitokea katika ripoti za siku mbili mfululizo, hakuna kilichofanyika.

Tuliliacha jaribio katika ratiba kwa siku saba, kisha nikaongeza `--tekeleza` mwishoni mwa mstari. Jioni ile ripoti ilikuwa imetaja nafasi tano ambazo zingefutwa. Asubuhi kumbukumbu ilionyesha nne zilizofutwa. Karani alipolifungua daftari la malipo, akaikuta ile ya tano imelipiwa saa tano kasorobo usiku.